Mkate wa nyama wa bati: joto la oveni, joto la ndani na namna ya kumwaga mafuta

Wamarekani wana chakula chao cha siku za kazi ambacho jina lake ukilitafsiri linakuwa mkate wa nyama. Ni nyama ya kusaga, wenyewe watu wa pwani tunaiita kima, iliyochanganywa na mkate, maziwa, mayai na kitunguu, ikajazwa kwenye bati la boflo, ikaokwa na kukatwa slesi. Ulipata umaarufu hasa miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, kwa sababu mkate wa jana uliongeza wingi wa nyama na familia nzima ikashiba. Mpaka leo unaliwa na viazi vya kuponda na maharagwe mabichi.

Nilijifunza kuuoka nilipokuwa nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Marekani. Tulikuwa tunaoka mabati sita kwa mpigo. Mpishi mkuu wetu, mama mtu mzima aliyekuwa amepika chakula hiki tangu usichana wake, hakuwa na maneno mengi kuhusu viungo. Kila mtu na ladha yake. Alichosimamia kwa ukali ni mambo mawili: nyama isitoke ovenini kabla kipimajoto hakijasema, na mafuta yasiachwe ndani ya bati. Ndiyo mambo nitakayoyaeleza kwa kirefu, maana maelezo mengi ya chakula hiki yanataja saa moja ya kuoka kisha yanakuacha hapo.

Nyama na bati

Chukua kima ya ng'ombe gramu 900. Huku Marekani pakiti zinaandikwa kiasi cha nyama na kiasi cha mafuta, kwa mfano 80 kwa 20 au 85 kwa 15, na yoyote kati ya hizo inafaa. Ukiwa nyumbani Afrika Mashariki, mwambie mtu wa bucha akusagie nyama ya shingo au ya bega pamoja na mafuta yake kidogo. Usimruhusu akusagie steki tupu. Nyama isiyo na mafuta kabisa ukiioka kwa muda mrefu hivi inatoka kavu, inakwama kooni. Na ikizidi mafuta, mkate unasinyaa katikati ya bati ukiogelea. Hesabu yenyewe ni rahisi: gramu 900 za nyama yenye mafuta asilimia 20 zina gramu 180 za mafuta, na sehemu kubwa yake itayeyuka.

Bati liwe lile la mkate wa kawaida, urefu sentimita 23, upana 13 na kina kama 7. Hapa ndipo tofauti ilipo kati ya kuoka kwenye bati na kuoka juu ya sinia. Kwenye sinia mafuta yanachuruzika na kwenda zake, na pande zote za nyama zinapata rangi. Kwenye bati nyama imebanwa pande nne, inashika umbo zuri na haikauki pembeni, lakini mafuta hayana pa kwenda. Yanapanda kuta za bati na kuizunguka nyama. Usipoyatoa, pembeni panachemka kwenye mafuta badala ya kuokwa, na slesi zinatoka na utando wa mafuta usiopendeza mdomoni.

Kuchanganya

Anza na mkate na maziwa. Slesi mbili za mkate mweupe wa jana, zichambue ziwe chenga, zimwagie maziwa nusu kikombe na uziache dakika kumi mpaka zilainike kabisa, kisha uziponde kwa uma ziwe kama uji mzito. Usiruke hatua hii ukidhani ni ya kupunguza gharama tu. Nyama inapopata moto inajikaza na kukamua maji yake. Uji wa mkate unakaa katikati ya punje za nyama, unazizuia zisishikane kama mpira, na unayashika yale maji yanayokamuliwa.

Kata kitunguu maji kimoja vidogo sana pamoja na punje mbili za kitunguu saumu, ukaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka vilainike, halafu uviache vipoe. Kitunguu kibichi kinaachia maji ndani ya bati na kuacha vishimo kwenye mkate. Na ukikitia cha moto, kitaanza kuyeyusha mafuta ya nyama kabla hata hujafika ovenini.

Kwenye bakuli kubwa piga mayai mawili, tia ule uji wa mkate, kitunguu kilichopoa, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, pilipili manga nusu kijiko, soya sosi kijiko kimoja cha chakula na kotmiri uliyokata. Changanya hivi kwanza mpaka vishikane, ndipo utie nyama. Tumia vidole vilivyotawanywa, kama unayepembua kitu, na ukiona hakuna tena mabaka meupe ya mkate, acha. Ukikanda kama unga wa chapati, mkate utakuwa mgumu, wenye kurukaruka chini ya kisu kama soseji, na ukishafika hapo hakuna dawa.

Kujaza bati

Kuna ujanja wa zamani ambao mama yule aliutumia nyumbani kwake: laza slesi mbili za mkate mkavu chini ya bati kabla ya kutia nyama. Zinanyonya sehemu ya mafuta, na ukimaliza kuoka unazitupa. Unasaidia, lakini hauondoi haja ya kumwaga mafuta. Wengine hununua bati la ndani lenye matundu linalokaa juu ya bati la nje, mafuta yakadondokea chini. Ukilipata, vizuri. Hapa naeleza kwa bati la kawaida.

Tia nyama kidogo kidogo ukiisukumia kwenye pembe ili hewa isibaki ndani, lakini usiishindilie. Acha angalau sentimita mbili kutoka mdomo wa bati, maana mafuta yatapanda na yakikosa nafasi yatamwagikia kwenye oveni na kujaza nyumba moshi. Kisha pitisha upande wa mwiko kuzunguka kingo zote, ukitenga nyama na ukuta wa bati kwa nafasi ndogo kama upana wa penseli kwa juu. Huo ndio mfereji wa mafuta, na ndio utakaoruhusu kuyamwaga bila kuvunja mkate. Weka bati juu ya trei ili litakalomwagika likae hapo.

Joto la oveni

Oveni iwe nyuzi 180 za Selsiasi, sawa na 350 za Farenhaiti kwenye oveni za Kimarekani, au namba 4 kwenye oveni za gesi zenye namba. Ikiwa oveni yako ina feni, punguza mpaka 160. Iwashe mapema, angalau dakika kumi na tano, na uweke bati kwenye reli ya katikati.

Wapo wanaopandisha mpaka 200 ili wamalize haraka. Kwa nyama nene iliyobanwa ndani ya bati haifai: pembeni panafika joto la kukauka wakati katikati bado pabichi, juu panapasuka, na mafuta yanaanza kuruka. Ukishuka mpaka 150 nayo inaiva, ila inachukua muda mrefu na juu panabaki na rangi ya kijivu. Kama unapikia kwenye oveni ya mkaa, nunua kipimajoto kidogo cha oveni cha kuning'iniza ndani. Kukisia kwa mkono hakutoshi kwa chakula kinachokaa humo zaidi ya saa nzima. Hata oveni za umeme hudanganya. Ya kwangu kitasa kinasema 180 na ndani ni 165, na nilijua hivyo baada ya kuchelewesha chakula cha jioni mara nyingi bila kuelewa kwa nini.

Muda, na kwa nini hautoshi

Mkate wa gramu 900 za nyama kwenye bati la kipimo nilichotaja unachukua kati ya dakika 60 na 75 kwa nyuzi 180. Muda huo unakusaidia kupanga viazi viive saa ngapi. Haukuambii kama nyama imeiva, kwa sababu nyama iliyotoka kwenye friji sasa hivi, bati la kioo badala ya chuma, au oveni yenye mlango usiofunga vizuri, kila kimoja kinaweza kuongeza dakika kumi au zaidi.

Rangi nayo inadanganya, tena kwa pande zote mbili. Kima inaweza kugeuka kahawia ndani kabla haijafika joto la kuua vijidudu. Na inaweza kubaki ya waridi hata ikiwa imeiva kabisa, hasa ikiwa ndani yake mna kitunguu na mboga.

Sababu ya kuwa wakali hivi ni jinsi nyama ya kusaga ilivyo. Kwenye kipande kizima cha nyama bakteria wanakaa juu, na moto wa kikaango unawamaliza. Ukiisaga, kilichokuwa juu kinaingia ndani. Bakteria kama E. coli wa aina ya O157, anayeweza kuharibu figo za mtoto, anakuwa katikati kabisa ya mkate wako, mahali moto unapofika mwisho. Kwa wazee tuliokuwa tunawapikia, na kwa watoto wadogo na wajawazito nyumbani, hili si jambo la kubahatisha.

Joto la ndani

Idara ya Kilimo ya Marekani inataka kima ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati, yaani 160 za Farenhaiti. Ukitumia kima ya kuku au bata mzinga, 74. Hizi namba ziandike ukutani jikoni.

Kipimajoto cha nyama cha kidijitali chenye ncha nyembamba ndicho bora, kwa sababu kinapima pale ncha ilipo tu. Kichomeke kutoka juu, katikati ya urefu na katikati ya upana, mpaka ncha ifike nusu ya kina cha nyama. Kisha kisukume taratibu chini kidogo na ukivute juu kidogo ukiangalia namba: ile ndogo kuliko zote ndiyo joto la mkate wako. Ncha ikigusa bati utasoma joto la chuma, na ikikaa kwenye mafuta ya pembeni utasoma joto la mafuta. Vile vipimajoto vya saa ya mshale vina shida yake: vinapima kwa urefu wa sentimita tano au sita za fimbo, si nchani tu, kwa hiyo vichomeke kutokea ubavuni, kwa kulala, kufuata urefu wa mkate. Kwa bati hilo ni kazi ngumu, lakini ukipitisha kwa mshazari kutoka juu ya upande mmoja kuelekea katikati unaweza kufika.

Kijaribu kabla ya kukiamini. Jaza bilauri barafu, tia maji kidogo, koroga, kichomeke katikati bila kugusa bilauri, kisome sifuri. Usitumie maji yanayochemka kama unaishi juu milimani. Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, na utadhani kifaa chako kibovu kumbe ni kizima.

Kumwaga mafuta

Hapa nieleze mkate mmoja mzima nilivyouoka, maana ni rahisi kufuata hivyo kuliko kwa kanuni. Ulikuwa wa gramu 900, nyama ya 80 kwa 20, bati la chuma, oveni imepimwa na ni 180 kweli.

Dakika 30 za kwanza sikufungua mlango. Nyama wakati huo bado haijashikana. Ukiinamisha bati mapema hivyo mkate wote unateleza na kupasuka. Dakika ya 45 nilipima, katikati ilikuwa 54. Juu pameshakuwa pagumu kidogo ukigusa, na mafuta ya rangi ya dhahabu yamejaa ule mfereji wa pembeni yakitoa mapovu. Hapo ndipo pa kumwaga mara ya kwanza.

Nilitoa bati, nikaliweka juu ya jiko lisilowashwa na kuufunga mlango wa oveni joto lisikimbie. Tayari nilikuwa na kopo tupu la nyanya lililokaa ndani ya sinki, kavu. Nikavaa glavu za oveni mikono yote miwili, mkono wa kushoto nikashika bati, wa kulia nikaulaza mwiko bapa juu ya nyama kuizuia, kisha nikainamisha bati kwa pembe moja, polepole, mafuta yakachuruzika kutokea kwenye pembe hiyo. Pembe inatoa mkondo mwembamba unaouelekeza. Ukiinamisha kwa upande mzima yanamwagika kama pazia na kukuunguza mkono. Yalitoka karibu robo kikombe. Kama bati ni zito kwako au mikono haina nguvu, usiliinamishe. Tumia kijiko kirefu kuchota kando kando, au bomba la kunyunyizia nyama supu kama unalo. Inachukua dakika tatu badala ya nusu dakika, basi.

Ndani ya mafuta utaona majimaji ya kahawia na mabonge laini ya kijivu. Wengi wanatishika wakidhani nyama imeharibika. Ni protini ya nyama iliyotoka na maji yake ikaganda kwa moto, haina ubaya. Ifute juu ya mkate ikiwa imepanda huko, ili isiharibu sosi.

Sosi yenyewe ni tomato sosi nusu kikombe, sukari ya kahawia vijiko viwili vya chakula na siki kijiko kimoja, vimekorogwa pamoja. Hupakwa baada ya kumwaga mafuta, kamwe si kabla. Ukiipaka kabla, inaelea juu ya mafuta na kuteleza yote pembeni. Tena sukari yake ikikaa humo saa nzima inaungua na kuwa chungu. Nilipaka, nikarudisha bati. Dakika ya 60 katikati ilisoma 66. Dakika ya 68 ikasoma 71, nikatoa.

Mafuta mengine yalikuwa yametoka, vijiko vinne hivi. Nikayamwaga kwa namna ileile, mara tu baada ya kutoa, safari hii kwa uangalifu zaidi ili sosi isiguswe na mwiko: nilizuia nyama kwa ubavu wake, karibu na pembe ninayomwagia. Ukiyaacha mpaka yapoe, yataganda meupe kando ya mkate, kwa sababu mafuta ya ng'ombe huganda yakiwa bado vuguvugu.

Mafuta hayo usiyamwage kwenye sinki hata kama unafuatisha na maji ya moto. Yatakwenda kuganda mbele ya bomba na siku moja maji yatagoma kushuka. Acha yagande ndani ya kopo, ulitupe kopo, au uyachuje na kuyatumia kukaangia viazi. Na chombo cha kupokelea kiwe cha chuma au kauri. Nilishawahi kumwagia kwenye kikombe cha plastiki. Kilijikunja papo hapo, mafuta yakatapakaa kaunta nzima na kunichoma kidole gumba, na alama ninayo.

Kupumzisha na kukata

Mkate ubaki ndani ya bati dakika 10 mpaka 15, bila kuufunika. Joto la ndani linapanda nyuzi mbili tatu zaidi, halafu linatulia, na maji ya nyama yanatulia pia. Ukikata mara moja, slesi ya kwanza itamomonyoka na juisi itatapakaa kwenye ubao. Baada ya hapo pitisha kisu kuzunguka kingo, ingiza miiko miwili bapa kutoka pande zote mbili, uinue. Usiupindue kama keki. Sosi yote itabaki kwenye sahani ya kupindulia. Kata kwa kisu chenye meno, kwa kwenda na kurudi, slesi za sentimita mbili.

Ukimomonyoka hata baada ya kupumzika, mara nyingi mkate na mayai vilipungua, au vitunguu vilikatwa vikubwa. Ukiwa na maji mengi chini lakini mafuta machache, angalia kama kitunguu kilikuwa kibichi au uji wa mkate ulibaki na maziwa yanayoelea. Ukipima ukakuta 80 na zaidi, utakuwa mkavu. Mwagie supu ya moto kidogo slesi kwa slesi, na safari ijayo anza kupima mapema.

Unaobaki uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, ukiwa umekatwa ili upoe haraka, na uliwe ndani ya siku tatu au nne. Kupasha moto, mpaka 74. Lakini mimi slesi ya kesho yake naikaanga kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, mpaka pande zote mbili ziwe na ukoko mwekundu na katikati pawe pa moto kabisa, naiweka ndani ya mkate na kachumbari.